Vyote Viwili Sawa

Tangu mke wake ateleze kwenye ngazi za shule na kuvunjika nyonga, mwokaji mikate alikuwa hajakaa chini akala chakula cha moto. Kulipokucha alikuwa ameshatoa mikate ya kwanza pale bekari, mchana alikuwa hospitalini, jioni alirudi nyumbani ambako kulikuwa na vyombo, nguo za kufua, na nyoka.

Nyoka hakuwa wake. Ni chatu wa aina ile ndogo, wanaojikunja kama mpira wakiogopa, na alikuwa wa mke wake, mwalimu wa biolojia. Miaka kadhaa nyuma mzazi mmoja alimkuta ndani ya shehena ya mbao, akamtia kwenye ndoo yenye mfuniko na kumpeleka shuleni. Mwalimu akasema atamhifadhi kwa wiki moja tu mpaka apatikane mtu wa kumchukua. Ndiyo maana wakamwita Mgeni. Mtu wa kumchukua hakupatikana, au mwalimu hakumtafuta sana, na Mgeni akageuka mwenyeji, akiwa na kasha lake refu la mbao na kioo katika chumba cha mbele, kati ya kabati la vitabu na dirisha.

Mwokaji alimzoea jinsi mtu anavyomzoea baba mkwe mkimya. Hawakugombana, hawakuongea. Kitu kimoja tu ndicho kilichompa Mgeni heshima machoni pake: alikula panya, na hakuna muuza mikate duniani anayeweza kumchukia kabisa mla panya.

Siku ya ajali mambo yalikwenda mbio. Mwalimu alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, anasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, mumewe anatembea ubavuni akimshika mkono. Dawa ya maumivu ilikuwa imeshaanza kumlegeza ulimi.

"Mgeni," alisema. "Usimsahau Mgeni. Kuna vipimajoto viwili, kimoja kila upande. Kwenye joto kisome thelathini na mbili. Kwenye baridi..."

Hapo muuguzi akapiga kelele watu wapishe njia, mlango ukafunguliwa, gurudumu moja likagonga kizingiti. Midomo ya mwalimu iliendelea kucheza lakini mwokaji hakusikia.

"Soma vyote viwili!" mkewe alipaza sauti kutoka ndani. Mlango ukajifunga.

Thelathini na mbili, basi. Vyote viwili. Hayo ndiyo aliyoondoka nayo.

Upasuaji ulikwenda vizuri, ila mfupa ule haukuwa wa kuharakishwa, na mwalimu akabaki wodini. Mdogo wake, ambaye mwokaji alimwita shemeji na hakuwa na jina lingine kinywani mwake, alipiga simu mara mbili tatu kusema atakuja kusaidia nyumbani. Mwokaji alimshukuru akamwambia asijisumbue. Shemeji alikuwa na kazi yake na watoto wake, tena aliogopa nyoka hata kwenye picha. "Tunajimudu," mwokaji alisema, akiwa amesimama jikoni na soksi moja mguuni, asijue ya pili aliivulia wapi.

Siku za mwanzo kasha halikumpa taabu. Juu ya upande wa kulia kulikuwa na taa ya joto ndani ya kizimba cha waya, yenye kitufe cha kuongeza na kupunguza. Chini ya taa kulikuwa na jiwe bapa na pango dogo la gome la mti. Upande wa kushoto hakukuwa na taa, bali bakuli la maji na pango la pili linalofanana na la kwanza. Kila upande ulikuwa na kipimajoto chake, kiboksi kidogo chenye tarakimu, na waya wake ulioshuka mpaka sakafuni pale nyoka anapolala. Mwokaji alibadilisha maji, akasoma kwa jicho la usingizi, akaenda zake kulala.

Kisha baridi ikaingia. Ukungu ulikuwa unakaa mitaani mpaka saa nne za asubuhi, na nyumba yao, yenye sakafu ya saruji, ikawa kama kisima. Jioni moja mwokaji aliinama mbele ya kasha, akaona kulia thelathini na mbili na kushoto ishirini na mbili.

Alisimama pale akijikuna kidevu. Aliujua ugonjwa huu. Alikuwa ameishi nao miaka mingi katika bekari ya kwanza aliyofanyia kazi, ambako tanuri lilikuwa na upande mmoja uliounguza na mwingine uliotoa mikate myeupe kama mgonjwa, na mtu alishinda akigeuza trei mpaka mgongo ukamwuma. Alipofungua bekari yake, kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka vipimajoto viwili ndani ya tanuri, mbele na nyuma, na hakuoka hata mkate mmoja wa kuuza mpaka vyote vilipoonyesha namba ileile. Tanuri zuri ni lile ambalo joto lake limelala sawa kila mahali. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Pole, Mgeni," alisema. "Umepewa nyumba yenye upande mbovu."

Kesho yake alirudi na taa ya akiba kutoka kwenye kabati la bekari la kuumulia unga, akaiweka juu ya wavu wa upande wa kushoto. Matundu ya hewa ya ubavuni aliyaziba kwa kitambaa cha gunia la unga, kwa kuwa yalikuwa yanapitisha upepo. Alihangaika na kitufe kwa muda, akipunguza huku na kusubiri, akiongeza kule na kusubiri, macho yanamwuma kwa usingizi. Mwishowe akapata alichokitaka. Kulia thelathini na mbili, kushoto thelathini na mbili.

Katika wiki zile ambazo hakuna kitu kilichomtii, si mfupa wa mkewe, si soksi, si msaidizi wake wa bekari aliyechelewa kila siku na kila siku akawa na msiba mpya, vile viboksi viwili vilimtii. Aliviangalia kwa raha kidogo kabla ya kuzima taa ya chumba.

Mchana uliofuata alikaa kwenye kiti kigumu kando ya kitanda cha mwalimu.

"Mgeni vipi?" mwalimu aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kila siku.

"Hajambo."

"Unasoma vipimajoto?"

"Kila siku. Vyote viwili viko sawa."

Mwalimu akashusha pumzi, akafumba macho. "Afadhali. Na wewe?"

"Mimi? Sawa tu."

Ndivyo walivyoendelea. Mwalimu aliuliza, mumewe akajibu viko sawa, na kila mmoja akaridhika na alichokisikia. Mwalimu alisikia kwamba mambo yanakwenda inavyotakiwa. Mwokaji alikuwa anamwambia kwamba namba zimelingana.

Ila Mgeni hakuwa mzima. Kwanza aliingia ndani ya bakuli la maji akajizungusha humo, kichwa tu kikiwa juu, akakaa. Mwokaji alidhani anaoga. Siku ya pili alikuwa bado anaoga. Mwokaji alipoyeyusha panya kutoka kwenye friza, akampasha kwenye maji ya vuguvugu kama alivyokuwa akimwona mkewe akifanya na kumpelekea kwa koleo, Mgeni aligeuza shingo upande wa pili. Alijaribu tena baada ya siku chache, matokeo yakawa yale yale. Jioni nyingine alimkuta ametoka majini na anapita kandokando ya kioo, anasukuma pua kwenye pembe, anarudi, anasukuma tena, mpaka magamba ya puani yakachubuka na kuwa mekundu.

"Unamtafuta, eh?" mwokaji alimwambia. "Hata mimi namtafuta."

Aliamini kabisa kwamba nyoka amemkosa mwenye nyumba. Hakumwambia mkewe. Mwalimu alikuwa ameanza kufundishwa kusimama, na kila alipomaliza uso wake ulikuwa umelowa jasho. Nani angemwongezea mzigo mwingine? Basi alipoulizwa, akasema hajambo, viko sawa, na yeye pia sawa, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Ukungu ukaondoka kama ulivyokuja. Jua likarudi na kupiga dirisha la chumba cha mbele tangu asubuhi. Vipimajoto vikapanda hadi thelathini na nne, vyote viwili. Mwokaji aliona kwamba namba si ile aliyoambiwa. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kitufe apunguze, halafu akasita, akaingiza mkono ndani na kumgusa Mgeni aliyekuwa amejikunja bakulini. Alikuwa wa baridi. Na hakuna ajabu: nyoka alikuwa amelowa, na mkono uliomgusa ulikuwa umeshinda ukivuta trei za moto tangu kabla ya jua, mkono uliokiona kila kitu duniani kuwa cha baridi. Lakini mwokaji alikuwa amechoka mno kuwaza hayo. Alichokiwaza ni kwamba mnyama anasikia baridi. Badala ya kupunguza, akaongeza kidogo.

Siku mbili baadaye alipita nyumbani mchana kuchukua kanga safi ya mwalimu kabla ya kwenda hospitalini. Alipoingia chumba cha mbele alihisi kitu hakipo sawasawa kabla hajakiona. Mgeni alikuwa amening'inia nusu ndani ya bakuli na nusu nje, amenyooka kama mshipi uliotupwa. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Mwokaji akamgusa. Nyoka ambaye kazi yake yote maishani ilikuwa kujikunja akiguswa hakujikunja.

Akatoa simu.

Mwalimu alipokea akiwa anahema. "Nipo na mtu wa mazoezi. Kuna nini?"

"Mgeni amelegea. Mdomo uko wazi."

Ikaja sauti ambayo mwokaji hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, sauti ya darasani. "Soma vipimajoto."

"Viko sawa."

"Nimesema soma. Nitajie namba. Upande wa joto?"

"Thelathini na sita."

"Mungu wangu! Na wa baridi?"

"Thelathini na sita. Nimekwambia viko sawa."

"Sawa na nini?"

"Sawa kwa sawa, mwalimu. Vimelingana. Tangu ile baridi nimeweka taa ya pili kushoto, nimehakikisha vinalingana, kila siku nimekwambia."

Alisikia mkewe akivuta kiti, au akisaidiwa kukaa. Alipoongea tena aliongea polepole. "Havitakiwi kulingana. Vingelingana, ya nini viwili? Upande mmoja thelathini na mbili, wa pili ishirini na sita. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Akitaka kusaga chakula anaenda kwenye taa, akizidiwa anaenda kule kwenye baridi. Anapanga mwenyewe. Wewe umemfanyia kote joto moja, hana pa kukimbilia isipokuwa kwenye maji."

Mwokaji aliangalia bakuli lile.

"Unanisikia? Zima taa ya kushoto. Ile ya kulia pia, kwa sasa. Fungua kioo kidogo, toa chochote kinachoziba hewa. Usimtie barafu wala maji ya friji, utamwua kwa mshtuko. Mlaze kwenye beseni la maji ya bomba, kidogo tu, yasifike puani, umshike kichwa. Kama dirisha linapigwa na jua, shusha pazia. Halafu unipigie."

Alifanya yote. Aling'oa taa ya kabati la unga bila kusubiri ipoe, ikamwunguza kiganja, hata hakulalamika. Alikaa kwenye sakafu ya chumba cha mbele na beseni kati ya miguu yake, kichwa cha Mgeni kimelala juu ya vidole viwili, kizito na kisicho na nia yoyote. Waliokuwa wakipita nje kwenda sokoni walikuwa wanacheka kwa jambo fulani. Mwokaji alisema maneno ya kipuuzi, pole, pole mzee, samahani bwana, ijapokuwa mkewe alishamwambia mara nyingi kwamba Mgeni ni jike.

Muda wa kutazama wagonjwa ulianza na kwisha akiwa bado sakafuni. Simu ililia.

"Namba," mwalimu alisema.

"Kushoto thelathini. Kulia thelathini na moja."

"Yeye?"

"Anatoa ulimi. Mara mojamoja."

"Anatoa ulimi!" Mwalimu alicheka kidogo, kicheko chenye machozi ndani yake. "Haya. Mrudishe kwenye kasha, upande wa kushoto. Ukiona kushoto kumefika ishirini na saba, washa taa ya kulia peke yake, taratibu, mpaka thelathini na mbili. Panya usimpe kabisa kwa sasa. Tena kama hakula ni heri, angetapika kila kitu katika joto lile."

Jioni ilipoingia, kulia palisoma thelathini na mbili na kushoto ishirini na sita, na mwokaji, ambaye maisha yake yote alipigana na tofauti ya namna hiyo, alikaa akiilinda. Mgeni alilala nje ya pango la kushoto kwa muda mrefu. Kisha, bila haraka, kama mtu anayerudi kitandani baada ya homa, akajivuta akaingia ndani mpaka mkia ukapotea. Mwokaji alijaribu kuinuka akashindwa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Akajilaza palepale kwenye saruji na aproni yake, akasema atainuka baada ya dakika tano.

Mchana wa kesho yake alifika wodini na kiganja kimefungwa kitambaa. Mwalimu alikuwa ameketi, amechana nywele. Mwokaji aliweka kanga safi juu ya kabati dogo, akavuta kile kiti kigumu.

"Yuko hai," alisema. "Mpaka naondoka, thelathini na mbili, ishirini na sita. Pua ina kidonda. Nimekikosea kiumbe chako, mwalimu. Nilidhani ni tanuri."

"Ungeniuliza."

"Niliona aibu. Ulikuwa umeniambia mara moja, nami sikusikia nusu yake."

Mwalimu alimtazama. Hakuwa na hasira. Yeye pia alikuwa amechoka, na wachovu wawili hawana nafasi ya hasira. Alimwangalia macho, ndevu zisizonyolewa, shati lililofungwa vifungo kombo.

"Na wewe?" aliuliza.

"Sawa tu."

"Hapana. Neno hilo sitaki kulisikia tena mpaka nitoke hapa. Nitajie namba. Jana umelala kwa muda wa saa ngapi?"

Mwokaji akafikiri. "Sakafuni?"

"Popote."

"Saa tatu tu. Labda."

"Juzi?"

"Kama hizo."

"Chakula cha moto umekula lini?"

Mwokaji alitaka kutania, kwamba mwokaji mikate hafi njaa, akaacha. Akainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, juu ya shuka la hospitali lenye harufu ya dawa, na mkewe akaweka mkono juu ya nywele zake zenye unga. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani kwa adabu.

"Shemeji yako anakuja leo," mwalimu alisema. "Usiniambie asijisumbue. Nimeshampigia, yuko njiani. Na bekari kesho ifunge. Watu watakula viazi."

Shemeji alifika nyumbani na mfuko wa vyakula na woga wake wote. Alisalimia, akapita chumba cha mbele akiwa amegeuzia uso ukutani kama anayepita makaburini, akaenda moja kwa moja jikoni. Vyombo vikaanza kugongana. Alimpakulia mwokaji wali wa moto na maharage, akasimama juu yake mikono kiunoni mpaka sahani ikawa tupu, halafu akamwonyesha mlango wa chumba cha kulala.

Kupona kwa Mgeni kulichukua muda. Kwa siku kadhaa hakutoka kwenye pango la kushoto. Alijivua ngozi vibaya, vipandevipande, na vingine mwokaji alivilowesha na kuvibandua kwa kitambaa huku mwalimu akimwelekeza kwa simu. Kisha asubuhi moja akakutwa kwenye jiwe chini ya taa, amejitandaza, na kufikia jioni alikuwa amerudi kushoto. Alichelewa sana kukubali panya. Alipomkubali, mwalimu alikuwa ameshaanza kutembea korido nzima kwa kushikilia fremu ya chuma, na siku ya kuruhusiwa ilikuwa inatajwa.

Lakini mchana ule wa kwanza, shemeji alipofika, hayo yote yalikuwa bado. Mwokaji alijitupa kitandani na nguo zake, dirisha likiwa wazi na jua likiwa bado juu. Usingizini alisikia simu ikilia jikoni, kisha sauti ya shemeji aliyesimama mlangoni pa chumba cha mbele, mbali kadiri alivyoweza, akikaza macho.

"Dada, naona kulia kuna tatu na mbili! ... Eh, thelathini na mbili. Kushoto sioni vizuri... Sisogei! ... Haya, nasogea, lakini akinigeukia nakata simu. Ishirini na... ishirini na tano. Ni mbaya? ... Si mbaya. Haya. Na shemeji amelala. Anakoroma."

Mwokaji alitaka kusema kwamba hakoromi. Akageukia upande wa pili, akavuta shuka hadi masikioni.